Kukagua mchanganuo wa ujenzi kutoka kwenye picha, mstari kwa mstari

Karibu mtazamaji. Hapa kwenye skrini nina picha ya karatasi moja ya mchanganuo wa ujenzi, ile iliyoandikwa BOQ juu. Fundi ameipiga kwa simu, upande mmoja umepinda na kivuli cha mkono kimeangukia safu ya kiasi. Tutaihamishia kwenye lahajedwali, kisha tuzidishe upya kila mstari.

Kwanza nyoosha picha na uikuze mpaka mistari minne au mitano tu ijaze skrini. Ukinakili karatasi nzima kwa mtazamo mmoja, jicho litaruka mstari, nawe hutajua. Mimi huweka ukingo wa karatasi nyeupe juu ya skrini na kuushusha mstari mmoja mmoja. Ni ushamba kidogo, lakini unafanya kazi.

Fungua lahajedwali. Safu A ni maelezo, B kizio, C kiasi, D bei ya kizio, na E ni jumla ya mstari kama fundi alivyoiandika. Nasema kama alivyoiandika: hata ukiona kosa, usilisahihishe sasa. Ukirekebisha huku unanakili, baadaye hutajua kosa lilikuwa lake au lako. Andika tarakimu bila alama ya koma, yaani 12500, ili programu isije ikaichukua koma kama desimali.

Karatasi yetu ina mistari minne. Zege la msingi, nimesoma 13.6 m³ kwa 12,500, jumla 232,500. Ukuta wa matofali, 147 m² kwa 2,400, jumla 325,800. Nondo, kilo 860 kwa 150, jumla 129,000. Lipu, 294 m² kwa 650, jumla 191,100. Sasa katika safu F, G na H weka hizi, kisha uziburute hadi mstari wa mwisho:

```
=ROUND(C2*D2,2)
=E2-F2
=E2/D2
```

F ni hesabu yetu, G ni tofauti. Nondo na lipu zimetoa sifuri, tuziache. Zege na matofali zimegoma, na hapo ndipo safu H inapotusaidia. Inagawa jumla ya fundi kwa bei yake, ikituambia ni kiasi gani kingeleta jumla ile.

Tazama zege. Tofauti ni 62,500, na H inasema 18.6. Mimi nilisoma 13.6. Rudi kwenye picha, kuza pale penye kivuli: ni 8, upande wake wa kushoto umefifia ukafanana na 3. Fundi hana kosa, ni macho yangu. Nasahihisha C kuwa 18.6 na tofauti inakuwa sifuri.

Matofali ni habari nyingine. H inatoa 135.75, lakini picha inaonyesha 147 safi kabisa, na hakuna namna 147 isomeke hivyo. Hesabu yetu ni 352,800, yeye ameandika 325,800. Ziweke juu na chini: 5 na 2 zimebadilishana nafasi. Tofauti ni 27,000, na inagawanyika kwa 9 bila baki, kama ilivyo kila tarakimu mbili zinapopishana. Kugawanyika kwa 9 peke yake si ushahidi, lakini kukienda pamoja na picha iliyo wazi, kosa ni la fundi.

Sasa jumla ya ukurasa. Ameandika 878,400. Jumlisha safu E: 878,400. Jumlisha F: 905,400. Kwa hiyo kujumlisha amejumlisha sawa, ila amelibeba kosa la matofali mpaka chini, na litaingia kwenye muhtasari wa mwisho. Kama safu E yenyewe isingefika jumla yake, ningeshuku kwanza kwamba nimeruka mstari.

Kuna kosa ambalo kuzidisha hakuwezi kuliona, nalo ni kiasi chenyewe kuwa si cha kweli. Hapa lipu ni 294, mara mbili ya 147 ya ukuta, kwa hiyo inaelekea amepiga lipu pande zote mbili. Ina mantiki, lakini ramani ndiyo itakayothibitisha. Angalia pia kizio: m² ikisomwa m³, hesabu inatoka vilevile na tofauti inabaki sifuri.

Mwisho, mpelekee fundi mstari wa matofali pamoja na kipande cha picha, umuulize kwa maandishi ipi anaishika. Katika zabuni nyingi, bei ya kizio ndiyo inayoshika na jumla hurekebishwa, isipokuwa nukta ya desimali ikiwa imekosewa waziwazi kwenye bei. Kwa kanuni hiyo ukuta unakuwa 352,800. Ndiyo, amejipunja 27,000 mwenyewe. Mwambie sasa, kabla matofali hayajaagizwa.