Malengelenge Kwenye Mashavu ya Uke: Tutuko na Yanayofanana Nayo

(Mhadhara kwa watoa dawa na wahudumu wa afya ya jamii, Temeke, Dar es Salaam)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Mnaokaa dirishani kwenye maduka ya dawa mnamfahamu mteja huyu. Anasubiri wenzake waondoke, halafu anainama na kusema taratibu: "Nina vidonda huku chini, nipe dawa ya fangasi." Anapewa tyubu ya krimu, anaondoka. Kabla ya tyubu kuna maswali matatu ambayo hayahitaji hata kumvua nguo: vilianza lini, vilianzaje, na amewahi kuvipata kabla?

Tuchukue mfano wa dada wa miaka 24. Jumatatu alipata homa, kichwa kikauma, mwili ukachoka. Akadhani malaria, akapima, hana. Jumatano kinena kikatoa mitoki pande zote mbili, inauma akiigusa. Alhamisi mashavu ya uke yakavimba na kutoa malengelenge madogo kama punje za ulezi, yamekaa kwa vikundi. Ijumaa mengi yameshapasuka na kuacha vidonda vya juujuu, na mkojo ukipita juu yake anashika ukuta.

Hiyo ni picha ya tutuko, yaani herpesi, kwa mtu anayeipata mara ya kwanza. Dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 12 tangu virusi vilipoingia. Sehemu hii ina unyevunyevu, kwa hiyo lengelenge halikai: linapasuka mapema, na wengi hufika wakiwa na vidonda tu. Ndiyo maana lazima uulize vilianzaje. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Tafuta uvimbe, vikundi, na kingo za kidonda zenye mikunjo midogo pale ambapo malengelenge kadhaa yaliungana. Bila dawa, shambulio hili la kwanza linaweza kuchukua wiki 2 hadi 4.

Kipimo kizuri ni kuchukua majimaji kwa pamba ya kijiti kutoka kwenye kitako cha kidonda kibichi na kupima kwa PCR. Kidonda kilichoanza kukauka mara nyingi hutoa majibu ya uongo kwamba hakuna kitu. Kipimo cha damu cha kingamwili wiki ya kwanza hakisaidii, kwa sababu kingamwili zinaweza kuchukua hadi wiki 12 kuonekana. Mahali pasipo na PCR, mganga hutibu kwa kuangalia dalili, na hilo si kosa.

Dawa ni asiklovia, miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Kwa vidonge vya miligramu 200 ni viwili viwili. Hapa ndipo tunapoharibu: mtu anapewa dozi ya siku 5, ambayo ni ya wale wanaorudiwa, au anapewa krimu peke yake, ambayo haina msaada wa maana. Dawa ianze mapema, vizuri ndani ya siku 3 za mwanzo, lakini vidonda vipya vikiendelea kutoka siku ya 5 bado apewe. Mpe na paracetamoli. Akikojoa ajimiminie maji ya uvuguvugu papo hapo, au akojoe amekaa kwenye beseni la maji. Spiriti, chumvi na dawa za kuoshea sakafu hazina kazi hapo, zinaunguza tu. Akishindwa kabisa kutoa mkojo, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu ugomvi wa nyumbani. Virusi hivi vinajificha kwenye mishipa ya fahamu ya kiunoni, na wengi walio navyo hawajawahi kuona kidonda. Shambulio la kwanza linaloonekana halithibitishi kwamba mume alitoka nje wiki iliyopita. Mhudumu asijifanye hakimu.

Vikirudi, huwa vichache, upande mmoja, na mara nyingi hutanguliwa na kuwasha au kuchonyota kwa saa kadhaa hadi siku moja au mbili. Hupona ndani ya siku 5 hadi 10.

Sasa tuje kwa mama wa miaka 31, anayesema: "Herpesi yangu imerudi tena." Hii ni mara ya nne. Muulize ilikuwa wapi. "Palepale, shavu la kulia." Mara zote? "Palepale kabisa." Ukitazama unaona bato moja la mviringo, la rangi ya zambarau iliyokolea, katikati pamechubuka. Pembeni ya mdomo ana doa jeusi la mviringo ambalo halijaondoka tangu mara ya kwanza. Muulize alikunywa dawa gani siku moja au mbili kabla. Septrini, anasema, kwa kikohozi.

Huyu hana tutuko. Ngozi yake inaikataa dawa, na kila akiimeza inaungua pale pale. Tutuko nayo hurudi eneo lile lile, lakini huhamahama kidogo, hutoka kwa vikundi vya vipele vya maji, na haiachi doa jeusi lenye mpaka. Wahusika wakubwa ni septrini, SP ya malaria, doksisaiklini na dawa za maumivu kama ibuprofeni. Metronidazoli na flukonazoli nazo zimo. Yaani dawa zile zile tunazompa mwanamke mwenye uchafu ukeni zinaweza kumletea kidonda, kisha tukampa tena kutibu kidonda. Tiba ni kuiacha dawa hiyo maisha yote, na jina lake liandikwe juu ya kadi yake ya kliniki. Kama septrini anaitumia kwa sababu ya VVU, asiache kimyakimya. Arudi kliniki wambadilishie. Macho yakiwa mekundu, vidonda vikatoka mdomoni na ngozi ikaanza kubanduka mwilini, hiyo ni dharura.

Mengine nitayapita haraka. Kidonda kimoja, kigumu, kisichouma, ni kaswende hadi ithibitike vinginevyo, na inaweza kukaa pamoja na tutuko, kwa hiyo kila mwenye kidonda apime kaswende na VVU. Pangusa huuma, kidonda chake kimechimbika na kina kingo zilizochanika, na mtoki wake unaweza kutunga usaha. Mikwaruzo ya wembe hufuata vinyweleo. Fangasi huwasha kwanza, halafu ngozi hupasuka kwa mistari. Haitoi malengelenge ya vikundi.

Hata binti ambaye hajawahi kujamiiana anaweza kupata vidonda vikubwa, vya ghafla, vinavyotazamana kwenye mashavu mawili ya uke, siku chache baada ya mafua au homa. Hutokana na mwili kupambana na maambukizi mengine na hupona vyenyewe ndani ya wiki chache. Aonwe na daktari, aulizwe faraghani kama kuna aliyemgusa, lakini asihukumiwe kwa kidonda peke yake.

Mjamzito mwenye shambulio la kwanza katika miezi mitatu ya mwisho asiuziwe kitu dirishani. Mpeleke hospitali, kwani mtoto yuko hatarini akipita njia ya kawaida, na mara nyingi wataamua upasuaji. Kidonda chochote kilichozidi mwezi mmoja nacho kisiendelee kupakwa krimu: apime VVU kama hajapima, na daktari akate kinyama kidogo kikapimwe saratani.