Mvua haifyonzwi ziwani: beseni, chumvi na barafu ya rozela

Haya walimu wenzangu tusogee, huku nyuma mnaona? Leo nimekuja na beseni la kuonyesha mvua inavyotokea. Maji ya bomba ya moto, yasichemke, nimeweka chumvi nyingi mpaka ukionja unakunja uso. Katikati kikombe kizito kikavu, kifupi kuliko ukingo wa beseni, maana kikiwa chepesi kitaelea afu kitapinduka. Juu nafunika na nailoni ya kujaladia madaftari, nakaza pembeni na mpira wa tyubu ya baiskeli, naweka kijiwe kidogo juu ya nailoni, usawa wa kikombe, ili ibonyee, ila isiguse kikombe.

Barafu sasa. Hapa ndo wengi tunaharibu. Ukiweka barafu ya kawaida juu ya nailoni afu kikombe kikapata maji, mtoto wa nyuma atakwambia mwalimu hiyo ni barafu imeyeyuka ikapenya, na ana haki kabisa, hujamuonyesha kwamba siyo. Kwa hiyo mimi naweka barafu ya rozela, ile nyekundu. Kikombe kikiwa na wekundu, nailoni imetoboka. Kikiwa na chumvi, maji ya beseni yameruka au kikombe kimetikiswa. Tusubiri kama nusu saa... haya, wewe mama njoo uonje. Hayana chumvi, hayana rangi. Yametoka wapi? Yamepanda kama mvuke, chumvi imebaki chini, yakakuta nailoni ya baridi yakawa matone.

Wekeni na beseni la pili bila barafu, mtaona matone ni machache, hapo mtoto anajua baridi ina kazi.

Watoto wa huku Mwanza, Kirumba na Igombe, wanaona ule mkia wa wingu ukishuka Ziwa Victoria wanasema mawingu yanafyonza maji. Hapana. Ule mkia ni hewa inayozunguka kwa kasi, na weupe tunaouona ni matone yaliyotokana na mvuke uliopoa, maji ya ziwa yanarushwa kidogo tu pale chini. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho, na ziwa halihitaji kuchemka ndo litoe mvuke, linatoa mchana na usiku. Na wingu siyo mvuke, ni vitone vidogo sana au barafu. Ila beseni lina kasoro moja waambieni ukweli, angani hakuna nailoni: hewa ikipanda inatanuka inapoa, mvuke unashika kwenye vumbi.

Swali zuri kaka: mbona mvua kubwa huku inatupiga alfajiri ikitokea ziwani? Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, hewa ya pande zote inashuka kuelekea majini, inakutana katikati juu ya maji ya uvuguvugu, inapanda na mvuke wote ule. Mchana inageuka, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Na unyevu mwingine siyo wa ziwa kabisa, unaletwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi.