Tendoni ya kisigino: itambue kwa vidole, kisha ipe mzigo

Vua kiatu, kaa kwenye kiti, weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto. Sasa bana kwa vidole viwili nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Unashika kitu kama kamba nene. Hiyo ndiyo tendoni. Wengi tunaiita mshipa, lakini kazi yake si kupitisha damu.

Weka mkono mwingine kwenye shavu la mguu, kisha sukuma wayo chini kama anayekanyaga pedali. Shavu limejikusanya, limekuwa gumu: huo ni msuli, nao ndio uliojivuta. Tendoni imekaza kwa sababu imevutwa. Yenyewe haijikunji, inafikisha tu nguvu ya msuli kwenye mfupa wa kisigino.

Ligamenti haiko mbali. Sogeza kidole mbele kidogo na chini ya kifundo cha nje, kisha geuza wayo taratibu uelekee ndani. Panakaza. Hapo mfupa umefungwa kwa mfupa, na ndipo wengi huumia wakiteguka.

Turudi kwenye tendoni. Ukiivuta, hurefuka kidogo, halafu hurudi. Ikizoeshwa mzigo mzito inakuwa ngumu kuvutika, yaani nguvu ileile huirefusha pungufu kuliko zamani. Usichanganye hali hiyo na mguu kukakamaa asubuhi. Huko kukakamaa ni dalili ya tendoni iliyochoshwa.

Zoezi ni hili. Simama kwa mguu mmoja, shika ukuta, beba begi zito. Inua kisigino, kaa hapo sekunde 3, shuka, pumzika sekunde 3. Fanya mara 4, pumzika dakika moja au mbili, kisha rudia hadi ufikishe mizunguko 5. Mara 3 kwa wiki zinatosha. Begi liwe zito kiasi kwamba ile mara ya nne unaihangaikia. Hapa ndipo wengi hukosea: wanainua kisigino mara 30 bila mzigo. Msuli unachoka kweli, lakini tendoni haijavutwa kiasi cha kuifanya ibadilike.

Jipe wiki 12. Katika wiki ya nne utajiona una nguvu na utatamani kuanza kuruka kamba. Subiri kwanza. Nguvu hizo ni za msuli, ambao hujengeka haraka. Tendoni bado iko nyuma, na sasa inavutwa na msuli wenye nguvu kuliko ule iliouzoea.

Kila baada ya mazoezi, jikague kesho yake asubuhi. Piga hatua chache za kwanza, kisha bana palepale ulipobana mwanzo. Pakiuma au pakikakamaa kuliko jana, punguza begi, usiache zoezi. Tendoni isiyobebeshwa chochote kwa wiki kadhaa hulegea tena. Ila ukisikia mlio wa kukatika nyuma ya mguu na ukashindwa kusimama kwa vidole, nenda hospitali siku hiyohiyo.