Sahani themanini saa saba mchana: jiko gani, friza gani

Haya jamani, wa huko nyuma mnanisikia? Sawa. Watu wakija kwangu swali la kwanza ni "nauza sahani themanini kwa siku, ninunue jiko gani", na mi namuuliza, hizo themanini zinatoka saa ngapi? Maana zikitoka kidogokidogo toka asubuhi mpaka usiku hata jiko la nyumbani linakutosha, ila mgahawa wa karibu na maofisi wote wanakuja kati ya saa sita na nusu na saa nane, hapo ndo shughuli.

Tupige hesabu ya wali tu. Kilo moja ya mchele inatoa kama sahani nane, kwahiyo themanini ni kilo kumi, na maji yake kama lita 15. Zile pleti za jiko la gesi la nyumbani zina moto wa kama kilowati mbili na nusu, na nusu ya moto unapotea pembeni ya sufuria, ukibandika lita 15 pale yanachukua karibu saa nzima kuchemka, na hapo hujatia mchele bado! Jiko la chuma la tundu moja lenye kilowati nane, dakika ishirini hivi. Ndo maana nasema acha ile ya pleti nne inayong'aa, nunua majiko mawili makubwa ya chini, hata ya mtumba, jiko ni chuma na bomba tu, mpira na regyuleta ndo ununue vipya.

Friza sasa ni habari nyingine, haipimwi kwa sahani, inapimwa kwa siku ngapi unakaa bila kwenda sokoni. Ukitumia kilo kumi za nyama kwa siku na unanunua mara mbili kwa wiki, unaweka kilo arobaini, lita mia inajaa mpaka hewa haipiti, chukua mia mbili.

Ya mtumba mimi ilishanipiga. Nilifika nikaikuta ina barafu safi, nikalipa, kumbe jamaa kaiwasha toka jana yake, kwangu ikawa inagandisha upande mmoja tu, gesi inavuja. Siku hizi namwambia muuzaji aizime usiku, nikifika nashika kompresa kwanza, ikiwa ya moto basi kanidanganya. Ikiwa ya baridi tunawasha, nakaa nusu saa napapasa kuta zote za ndani, ubaridi unatakiwa uzunguke kote, sio kona moja. Na soma kibao cha nyuma, zikitoka Marekani zinakuwa za volti 110, ukichomeka kwenye umeme wetu umeunguza.

Enhe, dada kauliza raba ya mlango. Bana noti kwenye mlango halafu vuta, ikitoka kirahisi raba imechoka, lakini usiiache friza kwa hilo, raba inabadilishwa, we toa tu hela yake kwenye bei hapohapo.