Gari Lililoinuliwa na Kubadilishwa Injini: Ukague Nini Kabla ya Kulipa

REHEMA: Kaka Salim, msikilizaji wetu amepata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Limeinuliwa sentimita 10, na injini yake ya petroli imeng'olewa ikawekwa ya dizeli iliyoongezwa nguvu kwenye kompyuta. Aanzie wapi?

SALIM: Aanzie kwenye karatasi, dada Rehema, kwa kuwa springi mbovu hubadilishwa, lakini injini ambayo haimo kwenye usajili humwachia mnunuzi kesi isiyo yake. Asome namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, kisha ailinganishe na kadi, pamoja na aina ya mafuta na ujazo wa injini. Kadi ikiwa bado inasema petroli, muuzaji ndiye arekebishe usajili kabla ya kupokea fedha. Nikikuta mahali pa namba pamesagwa, mimi siendelei na ununuzi.

REHEMA: Na huko kuinuliwa?

SALIM: Kila nchi ina kiwango chake, kwa hiyo aulize kituo cha ukaguzi wa magari, na bima nayo aiarifu kwa maandishi, maana mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuifanya ikatae kulipa. Usalama wenyewe hujulikana chini ya gari. Fundi aliinue kwa jeki kwenye chasisi, aliegemeze juu ya stendi imara, aache magurudumu yaning'inie, kisha azungushe usukani hadi mwisho wa kila upande. Mipira ya breki isikazike hata kidogo. Ikiwa imevutika, ujue aliyeinua gari aliacha mipira ya urefu wa awali, na siku gurudumu litakaposhuka shimoni mpira unaweza kukatika.

REHEMA: Nimewahi kuendesha gari la namna hiyo; usukani haukurudi katikati baada ya kona, nikawa nalisahihisha njia nzima.

SALIM: Hiyo ni dalili ya kweli. Katika magari mengi yenye ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili, kuinua springi pekee huizungusha ekseli, ule mwinamo unaorudisha usukani ukapungua. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, nayo hukaa kwa pembe kali, krosi zake, yaani viungo vya kwenye ncha, zikaisha mapema, ndiyo maana mtikisiko unaoongezeka kadiri mwendo unavyopanda haupaswi kupuuzwa.

REHEMA: Matairi makubwa je?

SALIM: Tairi la awali likiwa na kipenyo cha inchi 29 na la sasa 32, spidomita isiyorekebishwa ikionyesha 100, gari linakwenda takriban 110, na kilomita nazo zinahesabiwa pungufu.

REHEMA: Imebaki ile kompyuta.

SALIM: Aombe faili la programu ya awali, kisha aunganishe kifaa cha kusoma hitilafu. Vipimo vya moshi ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe vikionyesha havijakamilika, huenda hitilafu zimefutwa karibuni. Aliendeshe siku nyingine, apime tena kabla ya kutia saini.