Faili la user.js: jinsi ya kuifanya Firefox ya stationery isahau wateja wake

Mwangaluka jamani, wazee wangu shikamooni. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmefunga biashara Mabatini na Igoma mje hapa, kwa hiyo sitawachosha na mambo mengi, nataka tuongelee faili moja tu, dogo, la mistari mitano. Likikaa mahali pake kwenye Firefox linasomwa kila brauza inapowashwa.

Naanzia kwenye tatizo. Stationery zetu hizi mteja anakuja kuomba mkopo wa chuo, mwingine anaomba ajira, mwingine anatafuta namba yake ya NIDA, wote kompyuta ile ile, na wengi wakimaliza wanasimama wanalipa wanaondoka bila kujitoa kwenye akaunti. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi niliacha barua pepe yangu wazi kwenye duka moja hapa mjini, na aliyekaa baada yangu akasoma mambo ya familia yangu ambayo hayakumhusu kabisa. Liliniuma sana na ndo maana hili jambo nalifuatilia mpaka leo.

Sasa mtu atasema si unaingia settings unazima historia na kuki basi. Ni kweli, ila kompyuta ya watu wengi settings zake hazikai, leo umezima, kesho kijana wa dukani anawasha ili asiandike paswedi yake kila mara, keshokutwa mteja kabonyeza kitu asichokijua, baada ya wiki mbili umerudi pale pale. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu kinachorudisha msimamo wako kila asubuhi hata kama jana mtu aliuvuruga, na hapo ndo user.js inaingia.

Nipeni muda kidogo niwafafanulie inavofanya kazi, maana asiyeelewa hapa atakwama mbele. Firefox ina folda inaitwa profaili, na ndani yake kuna faili prefs.js. Hilo ni kama daftari la duka, kila unachobadilisha Firefox inakiandika humo yenyewe, na ikifungwa inaliandika upya, kwa hiyo ukilihariri huku Firefox iko wazi kazi yako inafutika. Usiliguse. user.js yenyewe haipo mpaka uitengeneze wewe, na hiyo ni kama karatasi ya maagizo ambayo tajiri kaibandika ukutani, muuzaji kila akifungua duka anaisoma kwanza, halafu anayanakili maagizo yale kwenye daftari juu ya chochote kilichokuwepo. Shikeni hilo neno kunakili, nitalirudia.

Tuiweke. Mwezi uliopita nilimfanyia mama mmoja wa Kirumba mwenye kompyuta tatu, nawapitisha kama tulivofanya. Kwenye sehemu ya anwani unaandika about:support, unashuka mpaka kwenye mstari wa Profile Folder, unabonyeza Open Folder. Msiende kutafuta folda kwa mkono, kwanza AppData kwenye Windows imefichwa, pili mara nyingi utakuta profaili mbili, moja inaishia na .default na nyingine .default-release, ukiweka faili kwenye ile isiyotumika utahangaika siku nzima ukidhani mimi nimewadanganya. about:support inakupeleka kwenye ile inayotumika muda huo. Ukishaifungua folda, funga Firefox kabisa, fungua Notepad, andika hivi:

```
user_pref("browser.privatebrowsing.autostart", true);
user_pref("signon.rememberSignons", false);
user_pref("dom.security.https_only_mode", true);
user_pref("browser.contentblocking.category", "strict");
user_pref("mwanza.alama", "toleo-1");
```

Wa kwanza ndo mzito kuliko wote, unaifanya Firefox nzima ikae kwenye hali ya faragha muda wote, ikifungwa haibaki na historia wala kuki wala akaunti iliyoachwa wazi. Wa pili unaizuia isiulize kuhifadhi paswedi, ila angalieni, paswedi zilizohifadhiwa zamani hazifutwi na huu mstari, inabidi uingie about:logins uzifute mwenyewe, kwa yule mama tulikuta za wateja kibao, wengine hata hawakumbuki walishafika pale. Wa tatu unalazimisha tovuti zifunguke kwa https, isiyo nayo inaleta ukurasa wa onyo na mteja anaamua aendelee au aache. Wa nne unabana wafuatiliaji, tovuti moja moja inaweza kugoma, na hapo unabonyeza alama ya ngao pembeni ya anwani unalegeza kwa tovuti hiyo tu.

Wa tano ni wangu, haufanyi lolote, ni alama, na faida yake mtaiona sasa hivi.

Kwenye kuhifadhi ndo watu wengi wanaanguka. Notepad inapenda kuongeza .txt mwishoni, na Windows inaficha vimalizio vya majina, kwa hiyo machoni unaona user.js kumbe jina lenyewe ni user.js.txt na Firefox hata hailitazami. Pale kwenye Save as type chagua All files, afu kwenye File Explorer washa File name extensions ujiridhishe. Na msikopi mistari kutoka WhatsApp, alama za kunukuu zinaweza kuja zimepinda na mstari unakufa.

Washa Firefox, andika about:config, kubali onyo, tafuta mwanza.alama. Ukiiona na thamani toleo-1 basi faili limesomwa. Usipoiona, liko folda siyo au jina lina .txt. Kila ukihariri faili badilisha iwe toleo-2, toleo-3 na kuendelea, kwa sababu ile alama ya kwanza ilishanakiliwa kwenye daftari, itaendelea kuonekana hata kama faili la leo halijasomwa, na ukiiacha vile vile itakudanganya.

Ila alama haithibitishi kila mstari. Firefox za sasa zikikuta mstari uliokosewa zinaweza kuuruka na kuendelea, alama ya mwisho ikafika salama huku katikati kuna pengo, kwa hiyo ukishawasha tu bonyeza Ctrl+Shift+J uangalie kama kuna malalamiko. Ukiandika "true" ndani ya alama za kunukuu, hayo ni maneno siyo ndiyo au hapana, mpangilio unakataliwa. Kosa baya kuliko yote ni lile lisilolalamika, mfano ukiandika signon.remembersignons kwa s ndogo, Firefox inachukulia umebuni jina jipya, inalihifadhi vizuri kabisa na haifanyi chochote. Kulijua, litafute about:config, majina halisi ya mistari mitatu ya kwanza yana kimshale cha kurudisha pembeni, lile la kubuni lina kipipa cha taka, kama alama yetu, ila mstari wa nne nao unaweza kuonyesha kipipa hata ukiandikwa sawa.

Sasa kisa cha saa. Kijana wa pale kwa mama alifurahi, akaenda mtandaoni akakuta orodha ndefu, akachukua mstari huu akaongeza:

```
user_pref("privacy.resistFingerprinting", true);
```

Siyo mstari mbaya, unatokana na kazi ya watu wa Tor, ile brauza ya kuficha utambulisho, unaifanya brauza yako ifanane na za wengine ili tovuti isikutambue kwa vitu kama saizi ya skrini au namna kompyuta yako inavyochora picha. Lakini katika kufananisha huko unaficha pia ukanda wa saa, tovuti zinaambiwa uko kwenye saa za UTC, na sisi tuko masaa matatu mbele. Akaja mwalimu wa tuisheni, akaingia kwenye mfumo wa kupanga vipindi unaosoma saa kutoka kwenye brauza, akaandika 10:00, yaani saa nne asubuhi. Mfumo ukaelewa 10:00 ya UTC, wanafunzi kwenye simu zao wakaona 13:00, saa saba mchana. Mwalimu kakaa saa nne peke yake kwenye kipindi cha video, watoto hakuna hata mmoja, na saa ya kompyuta yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, ndo maana hakuna aliyeshtuka.

Kijana akaufuta ule mstari kwenye user.js, akawasha upya, bado masaa matatu nyuma. Akafuta faili zima, bado. Akanipigia simu amechoka. Kumbukeni kunakili, karatasi ukiibandua ukutani daftari halijifuti, true ilishaandikwa kwenye prefs.js na itakaa humo. Nikamwambia aingie about:config atafute privacy.resistFingerprinting abonyeze kile kimshale, saa ikarudi pale pale. Njia nyingine ni kuacha mstari kwenye user.js ukauandika false, na kwa kompyuta ya watu wengi mimi naipenda zaidi hii, sababu unabaki na kumbukumbu. Ndo maana nawasihi msibebe zile orodha kubwa, kama ile ya arkenfox, mkazimwaga zima zima kwenye kompyuta ya wateja. Ni kazi nzuri mno na maelezo yake yafaa kusomwa, ila mstari usiojua unafanya nini hutajua pia kuutoa ukileta shida.

Dada pale kauliza, mteja akienda settings akawasha historia je? Anaweza, Firefox itataka kujiwasha upya, na ikiwaka inasoma user.js na kurudi kwenye faragha, kwa hiyo hilo limejizuia lenyewe. Lakini vitu vingine vilivyomo kwenye faili mtu akivibadilisha vinakaa hivo mpaka Firefox itakapofungwa, na anayejua anaweza kulifuta faili. Ukitaka kufunga kabisa kuna policies.json inayokaa kwenye folda ya distribution ndani ya ile ilikosakiniwa Firefox na inahitaji ruhusa ya msimamizi, hiyo tutaifanya siku nyingine. Na Edge iliyomo kwenye kompyuta hiyo hiyo hailijui hili faili kabisa.

Mzee anauliza kampuni ya intaneti itaona? Ndiyo mzee, itaendelea kuona tovuti gani zimetembelewa, hili linamkinga mteja na anayekaa kiti kile kile baada yake, na kidogo na wafuatiliaji wa matangazo.

Kuna mawili faili haliwezi, na kwa mama tuliyaandika kwa kalamu tukabandika juu ya kila skrini. Moja, Firefox ifungwe madirisha yote mteja akiondoka, maana ikibaki wazi hata dirisha moja akaunti bado iko hai. Pili folda ya Downloads, vyeti na barua zote alizopakua mteja zinaweza kubaki pale pale hata kwenye hali ya faragha, kwa hiyo mteja akishachapisha zifute mbele ya macho yake, halafu umwage na Recycle Bin.