Ndama Anahara: Pima Maji Aliyopoteza, Kisha Mnyweshe

Ndama huyu ana siku 9 na kilo 40. Tangu jana jioni anahara majimaji ya manjano, mkia wote umelowa. Usikimbilie kukoroga dawa. Mpime kwanza, kwa sababu kinachomuua ndama mara nyingi ni maji na chumvi zinazotoka na kinyesi.

Sogea uone shingo. Finya ngozi ya ubavuni mwa shingo, izungushe kidogo, achia, uhesabu. Moja, mbili, tatu, nne... ndiyo imelala. Ndama mzima, ngozi hurudi kabla hujamaliza mbili. Sasa jicho: vuta kope ya chini taratibu. Unaliona pengo kati ya jicho na kope? Ni kama milimita 4. Jicho limeanza kuzama.

Dalili hizi mbili zikienda pamoja, nakadiria amepoteza maji ya asilimia 8 ya uzito wake. Kilo 40 mara 8, gawa kwa 100: lita 3.2. Hilo ni deni la jana tu, na bado anahara.

Mtie kidole safi mdomoni. Ananyonya, na mdomo una joto. Huyu tutamnywesha hapa nyumbani. Angekuwa hanyonyi, mdomo wa baridi, amelala hawezi kusimama, au ngozi inakaa zaidi ya sekunde 6, ningemwita daktari wa mifugo saa hiyohiyo amtundikie dripu. Ndama asiyenyonya usimmiminie maji kwa chupa, yataingia mapafuni.

Tumia pakiti ya chumvi za kurudisha maji iliyotengenezwa kwa ajili ya ndama. Maji yawe ya uvuguvugu kama joto la mwili wake, na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti usikizidishe. Ndani yake kuna glukosi, na ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi, maji yakafuata. Wengi huweka sukari ya mezani badala yake. Naomba sana usifanye hivyo: utumbo wa ndama hauwezi kuimeng'enya, inabaki humo ikivuta maji, na kuhara kunazidi.

Maziwa usiyakate, maana yeye hupata nguvu humo. Asubuhi lita 2 za maziwa, mchana lita 2 za maji ya chumvi, jioni maziwa tena lita 2, usiku maji ya chumvi lita 2. Acha angalau saa 2 hadi 3 katikati, usichanganye ndani ya ndoo moja, kwani baadhi ya chumvi hizo huzuia maziwa kuganda tumboni. Akiwa bado anamwaga sana, ongeza mnywesho wa tatu wa maji ya chumvi.

Kesho asubuhi finya ngozi tena, mahali palepale. Ikirudi ndani ya sekunde 2 na jicho limejaa, endelea na maji ya chumvi mpaka kinyesi kishikane. Ikibaki 4 au ipande, au aache kunyonya, piga simu kwa daktari.